Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandika Barua ya Mwaliko kwa Kifaransa

Mwanafunzi wa sekondari aliyefika ngazi ya kati katika Kifaransa mara nyingi hupewa zoezi la kuandika barua rasmi ya kumwalika mtu kwenye tukio la shule. Wengi huanza kwa kutafuta msamiati wa sherehe, ilhali alama nyingi hupotea mahali pengine kabisa: katika jina la cheo cha anayealikwa, katika saa, na katika sentensi ya mwisho. Mambo hayo matatu huamuliwa kabla ya kushika kalamu, kwa sababu kila moja linaathiri mistari kadhaa ya barua.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Klabu ya Kifaransa ya shule moja mjini Kasese, Uganda, inaandaa sherehe ya Siku ya Kimataifa ya Francophonie, ambayo huadhimishwa kila tarehe 20 Machi, na katibu wa klabu, ambaye ni msichana, anataka kumwalika mkuu wa shule ya sekondari iliyo ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, upande wa Kasindi nchini Kongo. Mwaka 2026 tarehe hiyo inaangukia Ijumaa. Sherehe itaanza saa nane na nusu mchana na kumalizika saa kumi na moja jioni katika ukumbi wa shule.

Jambo la kwanza ni cheo cha mpokeaji. Katika barua rasmi ya Kifaransa mtu hasalimiwi kwa jina lake la ukoo, wala barua haianzi na «Cher Monsieur» ikiandikwa na mwanafunzi asiyemfahamu. Husalimiwa kwa cheo chake, na cheo hicho hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Nchini Ufaransa mkuu wa «lycée» huitwa «proviseur», na wa «collège» huitwa «principal». Kongo, iliyorithi mfumo wa Ubelgiji, humwita mkuu wa shule ya sekondari «préfet des études», kwa hiyo katibu wetu ataandika «Monsieur le Préfet,». Hapa tahadhari inahitajika: kwa Mfaransa, «préfet» ni mwakilishi wa serikali katika mkoa, na msahihishaji asiyeijua Kongo anaweza kudhani mwanafunzi amemwalika mkuu wa mkoa. Ikiwa swali la zoezi halitaji nchi, ni salama zaidi kutumia «Monsieur le Directeur,» au «Madame la Directrice,». Cheo chochote utakachochagua kitaonekana mara tatu, yaani katika anwani ya mpokeaji, katika salamu na katika sentensi ya kuagia, na sharti kiwe kilekile. Barua inayoanza na «Monsieur le Préfet» na kumalizika na «Monsieur le Directeur» humwonyesha msahihishaji kwamba hitimisho lilinakiliwa kutoka daftarini.

Mpangilio wa ukurasa nao unahitaji kukumbukwa mapema, kwa kuwa mwanafunzi wa Uganda amezoea ule wa barua ya Kiingereza, ambamo anwani ya mwandishi hukaa juu upande wa kulia. Kifaransa hugeuza: mwandishi hukaa juu kushoto, mpokeaji hukaa kulia chini kidogo, na mahali na tarehe hufuata upande huohuo wa kulia, hivi: «Kasese, le 2 mars 2026». Majina ya miezi na ya siku huanza kwa herufi ndogo, na sanduku la posta huandikwa «B.P.». Kisha upande wa kushoto huwekwa mstari wa mada, «Objet : invitation à la fête de la Francophonie», ambao si sentensi na hauhitaji kitenzi.

Sasa tuje kwenye saa, ambapo mwandishi anayefikiri kwa Kiswahili ana mtego wa peke yake. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko, na Mfaransa huhesabu kuanzia usiku wa manane hadi saa 24, bila kugawa siku mara mbili katika maandishi rasmi. Kwa saa za mchana, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza sita: saa tatu asubuhi ni «9 h», saa nane na nusu mchana ni «14 h 30», na saa kumi na moja jioni ni «17 h». Kwa saa moja ya usiku hadi saa tano, ongeza kumi na nane, hivyo saa moja usiku ni «19 h». Mwanafunzi anayeandika «8 h 30» kwa sherehe ya mchana amemwalika mgeni kuja asubuhi watu wakiwa bado darasani, na anayeandika «2 h 30» kwa kufuata saa ya Kiingereza amemwalika usiku wa manane umekwisha kupita. Sarufi yake inaweza kuwa safi kabisa, lakini barua imeshindwa kazi yake, na wasahihishaji wa lugha huangalia kwanza kama mgeni angefika.

Katika mfano wetu kuna mtego wa pili, nao ni wa jiografia. Mashariki ya Kongo iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Sherehe ikianza Kasese saa 14:30, saa za Kasindi zinaonyesha 13:30, na mgeni atakayefuata saa ya mkononi mwake atatokea wakati mchezo wa kuigiza umekwisha. Dawa yake ni maneno matatu ndani ya mabano baada ya saa: «(heure de l'Ouganda)». Barua inayokwenda Kampala au Arua haiyahitaji.

Baada ya hapo amua nani anasema. Katibu anapotia sahihi peke yake, mwaliko na kuaga huandikwa kwa «je», na «nous» hubaki kwa matendo ya klabu nzima, kama «la fête que nous organisons». Kinachokosewa ni kuanza na «j'ai l'honneur» na kumaliza na «nos sentiments», kana kwamba mwandishi mmoja amegeuka watu wengi njiani. Na kwa kuwa katibu ni msichana, vivumishi vinavyomhusu vitafuata jinsia yake: akitaka kusema atafurahi, ataandika «je serais très heureuse». Mpokeaji, kwa upande wake, ni «vous» toka mwanzo hadi mwisho. Hata «ton» moja iliyoponyoka huharibu sauti ya barua yote.

Kiini cha mwaliko hakihitaji madoido. «J'ai l'honneur de vous inviter à» kinatosha kwa mtu wa cheo, na «j'ai le plaisir de vous inviter à» hufaa kwa wazazi. Kitenzi cha tukio huwa katika wakati ujao, «aura lieu» au «se déroulera». Wanaotaka kusema «kuhudhuria» wachukue «assister à», wasichukue «attendre» kwa kuwa tu inafanana na neno la Kiingereza, maana «attendre» ni kusubiri, na mgeni ataelewa kwamba anaombwa aingojee sherehe. Ombi la kuthibitisha huandikwa kwa «je vous saurais gré de bien vouloir…», ambalo linatokana na kitenzi «savoir». Wengi huandika «je vous serais gré», kwa sababu masikio hayatofautishi sana, na kosa hilo hata Wafaransa wenyewe hulifanya.

Hivi ndivyo mwili wa barua ya katibu wetu unavyoweza kusomeka:

«Monsieur le Préfet,

Au nom du club de français de notre école, j'ai l'honneur de vous inviter, ainsi que deux de vos professeurs et dix de vos élèves, à la fête que nous organisons à l'occasion de la Journée internationale de la Francophonie.

Cette fête aura lieu le vendredi 20 mars 2026, de 14 h 30 à 17 h (heure de l'Ouganda), dans la grande salle de l'école. Au programme figurent une courte pièce de théâtre, un récital de poèmes et un débat, auquel vos élèves sont invités à prendre part.

Je vous saurais gré de bien vouloir confirmer votre présence avant le vendredi 13 mars, afin que nous puissions préparer votre accueil.

Dans l'attente de votre réponse, je vous prie d'agréer, Monsieur le Préfet, l'expression de mes sentiments respectueux.»

Tazama idadi ya wageni: imetajwa, kwa sababu mkuu wa shule hawezi kupanga safari ya kuvuka mpaka bila kujua ni watu wangapi wanaotarajiwa. Tazama pia «puissions», ambayo imelazimishwa na «afin que»; sentensi moja ya aina hiyo humwonyesha msahihishaji ngazi ya mwandishi bila kujitutumua. Barua hii ni fupi. Iwapo zoezi linadai maneno 160, kama ilivyo katika sehemu ya kuandika ya mtihani wa DELF ngazi ya B1, panua aya ya programu: mada ya mdahalo ni ipi, nani ataigiza, chakula kitaandaliwa au la. Usiongeze maneno kwa kurudia shukrani na heshima, kwani hayo hayamwambii mgeni lolote jipya.

Sentensi ya kuaga ndiyo ambayo wengi huikariri pasipo kuielewa, na kuna mambo mawili ya kuipima kwayo. Kwanza, «l'expression de» huambatana na «sentiments», wala si «salutations»; ukitaka «salutations», andika moja kwa moja «d'agréer mes salutations distinguées». Adabu ya zamani ilimtaka mwanamke asimtajie mwanamume «sentiments», na ingawa wachache huijali leo, katibu wetu akiona haya anaweza kuchukua «salutations» bila kupoteza chochote. Pili, ukianza na «Dans l'attente de votre réponse», kinachofuata sharti kiwe «je vous prie», kwa sababu anayengojea jibu ni mwandishi. Ukiandika «Dans l'attente de votre réponse, veuillez agréer…», umemfanya mkuu wa shule angojee jibu lake mwenyewe. «Veuillez agréer» ni sahihi inaposimama mwanzoni mwa sentensi, bila utangulizi huo. «Cordialement» iachwe kwa barua pepe za watu wanaofahamiana.

Chini yake, upande wa kulia, huja cheo «La secrétaire du club de français», halafu sahihi kwa mkono, na jina kwa herufi zinazosomeka, ili jibu kutoka Kasindi lijue nani wa kumfikia.