Kukokotoa pensheni ya Uswidi ukiwa Kisumu

Jirani yangu hapa Kisumu aliuguza wagonjwa Gothenburg kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Alitaka kujua salio linaloonyeshwa kwenye bahasha yake ya rangi ya chungwa, yaani taarifa ya pensheni anayotumiwa kutoka Uswidi, litamletea pesa ngapi kwa mwezi. Hesabu tuliyofuata ni hii.

1. Elewa salio. Kwetu, michango ya NSSF huwekezwa. Uswidi, sehemu kubwa ya mchango hulipa wastaafu wa leo, nawe unaandikiwa haki tu: 16% ya kipato, baada ya kutoa 7% kwenye mshahara. Mshahara wa kroni 300,000 kwa mwaka unaacha 279,000, kwa hiyo unaandikiwa 44,640.

2. Kuza salio. Fanya kwenye lahajedwali, kila mwaka mstari wake. Sipendi kabisa kutumia wastani mmoja wa ukuaji, kwa sababu salio hufuata mapato ya wastani ya wafanyakazi wa nchi nzima, nayo hupanda kwa kasi tofauti kila mwaka.

```
=B2*C2+D2+E2
```

B2 ni salio la nyuma, C2 ni faharisi ya mapato hayo ya mwaka huu gawanya kwa ya mwaka jana, D2 ni mchango mpya. E2 ni mgao wa salio za watu wa rika lako waliofariki. Waambie jamaa mapema: salio hili halirithiwi na watoto. Pia kuna makato madogo ya uendeshaji.

3. Gawanya. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wanachukua miaka inayotarajiwa ya kuishi, tuseme 20, wanagawanya, kisha wanashangaa barua ikija na kiasi kikubwa zaidi. Kigawanyo rasmi huwa kidogo kuliko miaka hiyo, maana kimeingizwa riba ya 1.6% inayolipwa mapema. Kwa miaka 20, kigawanyo kinakaribia 17. Salio likiwa 1,700,000:

```
=1700000/17/12
```

Jibu ni kroni 8,333 kwa mwezi. Ukigawanya kwa 20 unapata 7,083.

Tumia kigawanyo cha mwaka wako wa kuzaliwa na umri unaoanzia kulipwa. Hakibagui mwanamume na mwanamke, na hutokana na takwimu za wakazi wa Uswidi, hata kama unaishi Nyalenda. Ukianza kabla ya miaka 65, kigawanyo ni cha muda, na malipo hukokotolewa upya ukifika umri huo. Ukichelewa kuanza, salio huendelea kukua na kigawanyo hupungua, hivyo malipo hupanda kwa njia mbili.

4. Kadiria miaka inayofuata. Ile 1.6% uliyopewa mapema hukatwa kwenye ongezeko la kila mwaka. Mapato ya nchi yakipanda 3.6%, pensheni hupanda takriban 2%. Yakipanda 1% tu, pensheni hushuka karibu 0.6%, na hilo si kosa la benki.