Jinsi ya kupiga hesabu ya mfuko wa kulipia hatifungani inayorudishwa kwa mkupuo mmoja

Hatifungani nyingi za kampuni hulipa riba kila nusu mwaka, kisha mtaji wote hurudishwa siku moja tu, siku ya kuiva. Siku hiyo ndiyo inayotegua miguu ya kampuni ambazo kwa miaka mitano hazikuweka kitu pembeni. Huu ni utaratibu wa kujua ni shilingi ngapi ziwekwe kila kipindi, na namna ya kuufuatilia mfuko mpaka deni liishe.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Kampuni ya Tanzania imeuza hatifungani ya shilingi 2,000,000,000 tarehe 15 Machi 2025, kwa riba ya 13% kwa mwaka, inayoiva 15 Machi 2030. Itaweka fedha kwenye mfuko kila 15 Septemba na 15 Machi, yaani mara 10. Fedha za mfuko zitakaa kwenye amana za muda maalumu za miezi sita, na benki inatoa 9% kwa mwaka.

Hatua ya 1: Tenga riba na mtaji

Mfuko huu ni wa mtaji peke yake. Riba ya wawekezaji, shilingi milioni 130 kila nusu mwaka, inaendelea kulipwa kutoka kwenye mapato ya kampuni kama kawaida. Kwenye bajeti andika mistari miwili tofauti.

Hatua ya 2: Tafuta riba sahihi ya mfuko

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika, tena bila mtu kugundua, kwa sababu fomula inatoa jibu safi hata ukiilisha namba isiyo sahihi. Kosa linakuja kuonekana mwaka wa tano, wakati hakuna tena muda wa kulirekebisha.

Kosa la kwanza ni kutumia riba ya hatifungani. Ile 13% ni bei unayolipa kwa waliokukopesha. Haina uhusiano wowote na kile fedha zako zinachozalisha zikiwa benki. Ukipiga hesabu kwa 13%, yaani 6.5% kwa nusu mwaka, utaambiwa uweke shilingi 148,209,000 kila mara. Lakini mfuko hautakua kwa kasi hiyo, na siku ya kuiva utakuwa na takribani shilingi bilioni 1.78. Pengo ni zaidi ya shilingi milioni 216, na wenye hatifungani wanataka chao siku hiyohiyo.

Kosa la pili limejificha zaidi: kusahau kodi ya zuio. Tanzania benki hukata 10% ya riba ya amana kabla haijaingia kwenye akaunti. Kenya ni 15%. Kwa hiyo ile 9% inafika mfukoni ikiwa 8.1%, au 4.05% kwa kila nusu mwaka. Anayetumia 4.5% ataweka pungufu, na mwisho atakosa zaidi ya shilingi milioni 41. Wahasibu wengine hujibu kwamba kodi hiyo haipotei, kwani kampuni huihesabu ndani ya kodi yake ya mapato ya mwaka. Ni kweli, ila nafuu hiyo inabaki kwenye hesabu kuu za kampuni, hairudi kwenye mfuko. Kama hakuna mtu atakayeihamishia huko kwa maandishi, mfuko uhesabu kwa 4.05%.

La tatu ni vipindi. Riba ya benki inatangazwa kwa mwaka, nawe unaweka kila miezi sita. Gawanya riba kwa mbili na uhesabu vipindi 10, si vitano. Ukichanganya riba ya mwaka na vipindi vya nusu mwaka, jibu litakuwa dogo mno, na udogo huo ndio dalili ya kukushtua.

Hatua ya 3: Pata kiasi cha kuweka

Kwenye Excel andika:

```
=PMT(0.0405,10,0,-2000000000,0)
```

Kama kompyuta yako inatenganisha kwa nuktamkato, badilisha mikato. Jibu ni takribani shilingi 166,196,000 kila kipindi. Sifuri ya mwisho inamaanisha unaweka mwishoni mwa kipindi. Ukiweka 1, hesabu itachukulia kwamba unaanza siku ileile ya kuuza hatifungani, na kiasi kitashuka hadi takribani shilingi 159,727,000. Siipendekezi njia hiyo: ni kukopa kwa 13% na kurudisha sehemu ya mkopo huohuo benki kwa 8.1% siku ileile.

Hatua ya 4: Tengeneza jedwali

Usiishie kwenye fomula. Panga safu nne: salio la mwanzo, riba, kiasi kilichowekwa, salio la mwisho. Tarehe 15 Septemba 2025 mfuko una shilingi 166,196,031. Tarehe 15 Machi 2026 unaingiza riba ya shilingi 6,730,939 na mchango wa pili, salio linakuwa 339,123,001. Mstari wa kumi ukigonga bilioni mbili, pengine kwa tofauti ya shilingi chache za kukadiria, hesabu imekaa sawa.

Angalia pia mchango wa mwisho. Unaingia siku ya kuiva, hauzai chochote, na wakala wa malipo huhitaji fedha mapema kabla ya siku hiyo. Panga mchango wa kumi uwe tayari siku chache kabla, na amana ya mwisho iive kabla ya tarehe 15, hata kama itapungukiwa riba ya siku hizo.

Hatua ya 5: Weka fedha mahali pake

Akaunti iwe tofauti na ya uendeshaji, ikiwezekana chini ya mdhamini wa wenye hatifungani, ili mishahara ya mwezi mbaya isiimeze. Kitu chochote unachonunua kiive kabla ya deni lako. Amana za miezi sita na dhamana za serikali za siku 182 au 364 zinafaa. Hatifungani ya serikali ya miaka 10 inavutia kwa riba yake, lakini mwaka 2030 utalazimika kuiuza sokoni, na ikiwa riba za soko zimepanda, bei yake itakuwa imeshuka. Hisa usiziguse kwa mfuko huu.

Hatua ya 6: Piga hesabu upya kila riba inapobadilika

Tuseme 15 Machi 2027, baada ya michango minne, mfuko una shilingi 706,271,000, na benki sasa inatoa 7%. Baada ya kodi ni 6.3%, yaani 3.15% kwa nusu mwaka, na imebaki michango sita:

```
=PMT(0.0315,6,706271000,-2000000000,0)
```

Salio linaandikwa bila alama ya kutoa na lengo likiwa nayo. Ukiliandika salio kwa alama ya kutoa, fomula itatoa jibu lenye alama chanya ambalo si sahihi: litakuwa limejumlisha vibaya. Salio na mchango ni fedha zinazoingia mfukoni, kwa hiyo kwa mpangilio huu salio lazima lilingane na mchango kwa alama. Jibu sahihi ni takribani shilingi 177,008,000, yaani karibu milioni 10.8 zaidi kwa kila mchango. Hakiki kwa mkono: salio likikua kwa vipindi sita linafika takribani shilingi 850,720,000, michango sita mipya inapaswa kujaza 1,149,280,000 iliyobaki.