Maski ya udongo, ya karatasi na ya kunawa: ipi upake wapi, na mara ngapi kwa wiki

Mteja mmoja alinijia akiwa na malalamiko mawili yanayopingana. Paji la uso na pua vilikuwa vinang'aa mafuta ikifika saa sita mchana, lakini mashavu yalikuwa makavu kiasi kwamba krimu yake ya kila siku ilianza kumchoma. Nilipomuuliza anatumia nini, akasema maski ya udongo, uso mzima, kila jioni, na anaiacha mpaka ipasuke. Aliamini mafuta yanarudi kwa sababu bado hajapaka vya kutosha.

Ngozi kama yake, ya mafuta katikati na kavu pembeni, ndiyo ninayoiona zaidi, na ndiyo inayoumizwa zaidi na maski isiyo mahali pake. Kwa hiyo mwongozo huu naufuata juu ya uso huo.

Hatua ya kwanza: soma uso wako kabla ya kununua chochote

Nawa kwa sabuni laini ya uso, jifute, halafu usipake kitu kwa saa moja. Kisha bonyeza kipande cha tishu kwenye paji, pua, kidevu na kila shavu. Panapoacha doa la mafuta ndipo udongo unapohitajika. Panapovuta au kuwasha panahitaji maji na krimu. Kama krimu uliyoizoea inakuchoma siku hizi, tabaka la juu la ngozi limechoka. Acha maski zote kwa wiki mbili, baki na sabuni laini, krimu isiyo na manukato, na mafuta ya kukinga jua asubuhi.

Ukitaka kujaribu bidhaa mpya, paka kidogo nyuma ya sikio, nawa baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha subiri siku mbili.

Hatua ya pili: udongo

Udongo hunyonya mafuta yaliyo juu ya ngozi na yaliyo mdomoni mwa vitundu vya ngozi. Hauzimi tezi zinazoyatengeneza. Ndiyo maana mteja wangu alikuwa anang'aa tena saa chache baadaye: tezi zilikuwa zinaendelea na kazi yake ya kawaida, na hata angepaka mara tatu kwa siku zisingesimama. Alichokuwa anaongeza ni ukavu wa mashavu tu.

Angalia jina la udongo kwenye kopo. Kaolini ni mpole, na hata ngozi isiyo na mafuta mengi huweza kuuvumilia. Bentonaiti hunyonya kwa nguvu zaidi, nao ni wa ngozi ya mafuta hasa.

Paka tabaka jembamba lililoenea sawasawa, kwenye paji, pua na kidevu pekee. Kisha usiangalie saa tu, angalia udongo wenyewe. Mwanzoni unakuwa na rangi nzito na umelowa. Baada ya dakika kadhaa kingo zinaanza kufifia rangi, lakini ukigusa katikati bado ni pabaridi na pananata kidogo kidoleni. Hapo ndipo pa kunawa, na kwa wengi ni kati ya dakika 8 na 10. Ukisubiri mpaka uwe mweupe wote, unajikunja na kuvuta ngozi, na utalazimika kusugua ili utoke. Ule mkazo ambao watu huuita "inafanya kazi" ni udongo unaokauka na kusinyaa, basi. Hauna uhusiano na uchafu kutoka.

Kutoa: weka kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu juu yake kwa nusu dakika, ulainike, halafu futa bila kusugua. Paka krimu ngozi ikiwa bado na unyevu.

Vile vidoti vya kijivu puani vitapungua, kisha vitarudi. Vingi si uchafu. Ni mafuta ya kawaida ndani ya kitundu, na kitundu hujaa tena. Usiongeze idadi ya maski kwa ajili yake.

Mara ngapi: ngozi ya mafuta, mara moja au mbili kwa wiki. Ngozi ya mchanganyiko, mara moja, sehemu zenye mafuta tu. Ngozi kavu, mara moja kwa wiki mbili kwa kaolini, na mimi mara nyingi nawaambia waiache kabisa.

Hatua ya tatu: karatasi

Hapa sina mengi. Karatasi iliyoloweshwa seramu huzuia maji yasiruke kutoka kwenye ngozi, na gliserini iliyomo huyashikilia. Uso unaonekana umejaa na laini, lakini hali hiyo ni ya muda, hasa usipopaka krimu juu yake. Nawa kwanza, ilaze bila mikunjo, na uitoe baada ya dakika 15 ikiwa bado imelowa. Usilale nayo. Ikishakauka haina cha kukupa tena. Seramu iliyobaki kwenye pakiti paka shingoni siku hiyo hiyo, usiihifadhi, na karatasi yenyewe usiirudie.

Mara moja hadi tatu kwa wiki inatosha. Kama ngozi yako huwasha haraka, chagua isiyo na manukato, kwa sababu chochote kilichomo kinabanwa usoni kwa robo saa nzima.

Hatua ya nne: ya kunawa

Kundi hili linachanganya watu kwa sababu makopo mawili yanayofanana yanaweza kuwa na kazi zilizo mbali sana. Geuza kopo usome viambato.

Kama ni krimu au jeli ya kulainisha, ipake mashavuni kwa dakika 10 hadi 15, unawe. Mara moja au mbili kwa wiki, na ngozi kavu huifurahia kuliko zote.

Kama ina asidi ya glikoliki, laktiki au salisiliki, inaondoa seli zilizokufa, na muda ulioandikwa ni mwisho, usiuzidishe. Mara moja kwa wiki, jioni. Usiiweke usiku mmoja na krimu yenye retinoli wala na udongo, na kesho yake usitoke bila mafuta ya kukinga jua. Kuwasha kidogo dakika ya kwanza ni kawaida. Kuchoma kunakoongezeka si kawaida: nawa papo hapo kwa maji mengi.

Jinsi tulivyopanga wiki za yule mteja

Wiki mbili za kwanza hakupaka maski yoyote. Alihangaika, kwani paji lilikuwa linang'aa, nikamwambia afute kwa tishu mchana. Siku ya kumi krimu ikaacha kumchoma. Wiki ya tatu, Alhamisi jioni, alipaka kaolini katikati ya uso kwa dakika 8, na wakati huo huo krimu ya kunawa mashavuni. Maski mbili kwa pamoja hazina shida zikiwa kila moja mahali pake. Wiki ya nne tukaongeza karatasi moja, Jumapili.

Kila asubuhi baada ya maski nilimtaka aangalie jambo moja: ngozi ikivuta au krimu ikichoma, wiki inayofuata maski ile inarukwa. Haikumtokea tena. Paji lake bado linang'aa mchana, ila sasa ni saa nane badala ya saa sita, na mashavu hayabambuki tena anapopaka poda.