Kukadiria idadi ya samaki bwawani kwa duru kadhaa za kutia alama

Mbinu hii ya Schnabel (1938) inafaa bwawa lililofungwa: muda wote wa kazi samaki hawaingii wala hawatoki, na wanaozaliwa au kufa ni wachache mno.

Hatua ya 1. Vua, tia alama, rudisha majini. Mimi hukata ncha ya pezi la tumbo. Rangi siiamini, hufutika. Alama moja inawatosha wote, kwa sababu huhitaji kumjua samaki mmoja mmoja. Wape muda wa kuchanganyika kabla ya duru inayofuata.

Hatua ya 2. Kila duru andika C, yaani wote uliowavua, na R, yaani wale uliowakuta tayari wana alama. Wasio na alama watie.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hukwama. M ni idadi ya samaki wenye alama waliokuwa bwawani *kabla* hujashusha wavu wa duru hiyo. Kwa hiyo unaongeza wapya tu, C − R, na samaki akifia mkononi hahesabiwi. Mwenzangu mmoja aliniletea jedwali ambalo kila duru alikuwa amejumlisha C nzima, na hesabu yake ilikataa kukaa sawa. Tazama mfano:

```
Duru   C    R    M
1      40   0    0
2      50   5    40
3      45   10   85
4      60   18   120
5      50   20   162
```

Duru ya 2 wapya ni 45, ndiyo maana M ya duru ya 3 ni 85. Ukijumlisha C nzima utaandika 90, kisha 135, kisha 195, maana samaki yuleyule unamhesabu mara ya pili. Kosa hukua kila duru, na makadirio yanapanda kutoka 391 hadi 443. Kwenye jedwali huoni dalili yoyote. Njia ya kujikagua ni kujumlisha C − R za duru zote zilizotangulia: lazima upate M ileile, ukishatoa waliokufa.

Hatua ya 4. Kokotoa N, yaani makadirio ya samaki wote bwawani:

```
N = Σ(C × M) / (ΣR + 1) = 21125 / 54 = 391
```

Usitoe 391 peke yake. Kwa data hii, masafa ya uhakika wa asilimia 95 ni kama 314 hadi 545.

Hatua ya 5. Chora R/C dhidi ya M. Kwangu grafu hii ina thamani kuliko jibu lenyewe. Hapa nukta ni 0.10, 0.22, 0.30 na 0.40, karibu kabisa na mstari mnyoofu unaoanzia sifuri. Nukta za mwisho zikilala chini ya mstari, shuku alama zinazopotea, wageni walioingia, au samaki waliojifunza kuukwepa wavu. Ila samaki wenye alama wakiwa bado wachache, hata wale waliouzoea mtego wanaweza kukupa mstari ulionyooka, na N ikatoka ndogo kuliko ilivyo. Kwa hiyo badilisha mahali pa kutega na, ukiweza, aina ya zana kati ya duru na duru.