Timu mpya ya vijana: jinsi ya kuvunja makundi ndani ya wiki tatu

Nilipopokea kikosi cha vijana 18 wa miaka 13 hadi 15, saba walikuwa wametoka timu moja. Mpira ulizunguka kwao, wengine wakibaki watazamaji. Hivi ndivyo nilivyowaunganisha.

Hatua ya 1: Hesabu pasi. Wachezeshe saba kwa saba kwa dakika 10, ukiwa umechanganya makundi. Simama pembeni na karatasi, uandike nani kampa nani. Winga wangu wa kushoto, mgeni kwa wale saba, alipata pasi mbili tu. Beki aliye nyuma yake kila mara aliurudisha katikati kwa rafiki zake. Bila karatasi ile ningemwona winga mvivu, kwa sababu alikuwa amesimama tu.

Hatua ya 2: Mpe kila mmoja majukumu mawili. Moja tukiwa na mpira, jingine tukiupoteza, na angalau moja limtaje mwenzake. Beki yule nilimpa hili: "Nikiupata, namtazama winga kwanza." Winga akapewa: "Tukiupoteza, narudi kumsaidia beki wangu." Kabla ya mechi usiwakumbushe, waulize, wakujibu kwa maneno yao. Anayebabaika hajaelewa, na mara nyingi kosa ni la kocha aliyempa maelezo marefu. Jukumu la tatu lisubiri.

Hatua ya 3: Wachague lengo moja wanaloweza kulitimiza wenyewe. Ushindi haufai hapa, kwani wiki za mwanzo unaweza kufungwa na timu iliyokaa pamoja miaka miwili, kisha lawama zikaanza. Vijana wangu walichagua hili: mpira ukipotea, walio karibu waukabe ndani ya sekunde tano. Wa akiba ndio waliohesabu, kwa zamu. Hilo lilinisaidia kuliko nilivyotarajia, maana benchi lilianza kuwashangilia hata wasio marafiki zao.

Hatua ya 4: Zoezi la kizibao. Weka koni nne, mraba wa mita 8 kwa 8. Wanne wanapasiana, wawili wa katikati wanakaba wakiwa wameshika kizibao kimoja, kila mtu ncha yake. Wawili hao watoke makundi tofauti. Mwanzoni watavutana kimya kimya, kila mmoja akikimbilia kwake. Usiingilie, baada ya raundi chache utasikia "Kulia!", "Subiri!". Dakika moja inatosha kwa kila jozi. Wakishazoea, ondoa kizibao uone kama bado wanasogea pamoja.

Hatua ya 5: Rudia hesabu. Wiki ya tatu winga alipata pasi tisa. Mchezaji mwingine, kiungo, bado alikwepwa. Nikamtazama kwa makini: kila pasi ilimdunda mguuni ikaenda zake. Wenzake hawakumtenga, waliogopa kupoteza mpira. Huyo nilimpa dakika 15 za kutuliza mpira kabla ya kila mazoezi, na beki wa kushoto ndiye aliyekuwa akimrushia.