Kabla ya kumimina siki ya tufaha kichwani

Anza na chupa. Kwenye lebo ya siki ya tufaha huandikwa kiwango cha asidi, na mara nyingi ni asilimia 5, yaani kila mililita 100 zina takriban gramu 5 za asidi ya asetiki. Vipimo vyote hapa chini vimekokotolewa kwa siki ya aina hiyo. Kama lebo haitaji kiwango, au siki ilichachushwa nyumbani, huwezi kujua unachanganya kitu chenye nguvu gani, kwa hiyo iache jikoni. Esensi ya siki, ile inayouzwa ikiwa na asidi ya asilimia 25 na kuendelea, isiguse ngozi kabisa.

Kisha jiulize unaitaka kwa kazi gani. Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. pH ni kipimo cha asidi na alkali: chini ya 7 ni asidi, na namba ikizidi kushuka asidi inazidi, juu ya 7 ni alkali. Sabuni ya mche ina pH ya 9 au 10, ilhali ngozi ya kichwa hukaa karibu na 5.5. Ukioshea sabuni hiyo, unywele huvimba, magamba yananyanyuka, na nywele zinakwaruzana na kufungana. Asidi hufanya kinyume chake: unywele unanywea na magamba yanalala. Tena maji yakiwa magumu, chokaa iliyomo hushikana na sabuni na kuacha utando unaofanya nywele zinate na zipoteze mng'ao hata baada ya kusuuza vizuri. Utando huo asidi huuvunja. Basi mwenye kutumia sabuni ya mche na maji magumu ataona tofauti siku ileile. Anayetumia shampuu yenye asidi kidogo pamoja na kondishena anapata kidogo sana, pengine harufu tu. Na kama shida ni mba, siki si dawa ya kutegemea. Shampuu yenye ketokonazoli ina ushahidi wa kutosha, siki haina.

Sasa kuchanganya, na hapa ndipo wengi hukosea kwa sababu wanaamini kwamba maji huondoa ukali wa pH. Siki isiyochanganywa ina pH ya karibu 2.5. Tia kijiko kikubwa kimoja, mililita 15, katika kikombe cha maji cha mililita 240, upime tena: utapata kama 3, au juu yake kidogo ikiwa maji ni magumu. Imepanda kidogo tu! Asidi ya asetiki ni asidi dhaifu, na kadiri unavyoongeza maji ndivyo sehemu kubwa zaidi ya molekuli zake inavyoachia chembe zake za haidrojeni, hivyo pH haipandi kwa kasi unayoitarajia. Kilichopungua sana ni wingi wa asidi yenyewe. Gramu 0.75 zilizokuwa katika kijiko sasa zimeenea katika mililita 255, sawa na asilimia 0.3. Ngozi ina uwezo wa kuirudisha pH yake mahali pake ikiguswa na asidi kidogo kwa muda mfupi, lakini asidi ikiwa nyingi uwezo huo hulemewa. Kwa hiyo usitegemee karatasi ya kupimia pH ikuambie mchanganyiko ni salama. Tegemea kijiko na saa.

Mara ya kwanza tumia kijiko cha chai kimoja, mililita 5, kwa kikombe hichohicho. Hiyo ni asilimia 0.1, na kwa kuondoa utando wa sabuni mara nyingi inatosha. Ukiona haitoshi, panda hadi kijiko kikubwa kimoja na uishie hapo. Vijiko vikubwa viwili vinakupeleka kupita asilimia 0.5, kiwango ambacho kilijaribiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Watu 22, wengine wenye pumu ya ngozi na wengine wenye ngozi nzima, waliloweka mkono mmoja katika siki ya tufaha ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kila siku, kwa wiki 2. Watu 16 walipata mwasho, na ngozi haikuimarika. Mkono si kichwa, na dakika 10 ni nyingi, lakini inaonyesha kwamba asilimia 0.5 si kiwango cha kuchezea. Ule ushauri wa siki nusu na maji nusu unatoa asilimia 2.5, mara tano ya hapo.

Siku moja kabla, paka matone machache ya mchanganyiko uleule nyuma ya sikio, subiri dakika 2, suuza, kisha angalia baada ya saa 24. Wekundu, vipele au mwasho vina maana moja: usiendelee. Kagua pia kichwa chenyewe chini ya mwanga, ukigawa nywele mstari kwa mstari. Mikwaruzo ya kucha au ya chanuo, vidonda, ukurutu na sehemu zilizovutwa sana na misuko hupitisha asidi moja kwa moja hadi kwenye ngozi hai, ndiyo maana huchonyota. Aliyetiwa rilaksa karibuni asubiri angalau wiki 2, na zaidi kama iliunguza. Siki haifanyi kazi ya shampuu ya kukatia rilaksa. Walio na misuko au nywele za kushonea waiache hadi wafumue, kwa kuwa majimaji hunaswa chini na dakika 2 zinageuka saa nzima.

Siku yenyewe, osha nywele kwanza. Changanya kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mwembamba, ukichuja vinyuzinyuzi vya siki kama vipo. Inamisha kichwa nyuma, fumba macho, mimina kuanzia utosini, uache dakika 1 au 2, usisugue kwa kucha, kisha suuza kwa maji mengi ya vuguvugu. Ikiingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, na uende kwa daktari kama bado yanauma au kuona kumefifia. Kichwa kikianza kuunguza, suuza papo hapo bila kungoja dakika ziishe. Usipake magadi ya kuokea eti yaue asidi, kwa sababu unaongeza alkali juu ya ngozi iliyokwisha umia. Malengelenge au ngozi inayovuja maji yaonwe na mtaalamu wa afya.

Mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki 2 yatosha. Kosa linalochelewa kujulikana ni la anayeitumia mara nyingi mno: ngozi hukauka na kubanduka, naye akidhani ni mba anaongeza siki. Vitofautishe kwa kuangalia. Ngozi iliyokaushwa hutoa vipande vidogo, vikavu, vyeupe, na huwa inabana baada ya kuoshwa. Mba mara nyingi huwa na magamba makubwa zaidi, yenye mafuta, ya rangi ya manjano kidogo. Ukiona vile vya kwanza, acha siki kabisa kwa wiki 3. Vikiisha bila dawa yoyote, vilitokana na siki.