Kusahihisha mishale ya elektroni: ziba jibu kwanza

Unaposahihisha hatua za mmenyuko, ziba zao alilochora mwanafunzi kwa karatasi, kisha utii mshale wake kama ulivyo: hamisha elektroni mbili kutoka mkiani na uchore mwenyewe kinachotokea. Chukua OH⁻ ikishambulia CH₃Br. Wengi huanzishia mshale kwenye H. Lakini H haina elektroni nyingine ila zile za bondi yake na O, kwa hiyo ukiutii, H inahamia kwenye kaboni na unapata CH₄, huku oksijeni ikibaki na elektroni sita tu. Funua sasa: yeye ameandika CH₃OH. Kosa limejionyesha, na ukimwandikia CH₄ pembeni ataelewa haraka kuliko alama ya mkasi.

Njia hii haikamati jozi huru iliyosahaulika. Mshale ukianzia kwenye alama ya hasi ya OH⁻, zao hutoka sawasawa; hapo fuata mwongozo wa usahihishaji, maana baadhi huukubali na mingine hudai jozi ichorwe. Kwa mishale ya ncha moja ya radikali, hamisha elektroni moja, si mbili.